Maziwa yaliyofika mlangoni

Nilikuwa bado ndani ya arobaini yalipotokea haya. Hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, mzazi hatoki ovyo kabla ya siku 40. Ananyonyesha, anakandwa maji moto, anakula uji wa pilipili manga na kuletewa kila kitu kitandani. Sikuwa na la kulalamika. Ila sasa nikipiga hesabu, naona siku zile ndizo ugonjwa wa mwanangu ulizozichagua. Chanjo ya kwanza mtoto hupata anapozaliwa, inayofuata ni ya wiki ya 6. Kwetu hapo katikati alipandishwa mizani mara moja tu, siku ya 14.

Mwanzoni alikuwa akicheua kama watoto wote. Nikimweka begani na kumpigapiga mgongo, hewa inatoka, na maziwa kidogo yanafuata pembeni mwa mdomo. Hayana nguvu, na mwenyewe hata habari hana. Mavyaa wangu alinionyesha jambo moja nisilolisahau: alichukua kijiko kimoja cha maziwa akakimwaga juu ya leso kavu. Doa lilienea kama kiganja changu. "Umeona? Hicho ni kijiko tu, mwanangu. Usihesabu madoa." Na alisema kweli. Mlango wa juu wa tumbo la mtoto mchanga haujakaza sawasawa, maziwa yakijaa yanarudi. Wengi huzidi kucheua mpaka kama mwezi wa 4, halafu hupungua wanapoanza kukaa, na kabla ya mwaka na nusu huwa yamekwisha.

Kwa hiyo kwenye wiki ya 4 kucheua kulipozidi, nilihesabu ni yale yale. Duka la dawa tuliuziwa chupa ya dawa ya gesi. Bibi mmoja wa jirani akasema ni kijicho, mtoto wa kwanza tena wa kiume, watu wamemtazama. Kisomo kikasomwa. Kisomo hakimdhuru mtu. Kilichotudhuru ni siku nane zilizopita hivi hivi, tukingoja.

Siku ya 33, baada ya Magharibi, alinyonya vizuri, nikamlaza kwenye mapaja. Akakunja uso, akajikaza, na maziwa yakaruka. Hayakutiririka, yaliruka. Yalivuka ukingo wa kitanda yakapiga sehemu ya chini ya mlango. Kisha, kabla sijamfuta, akageuza kichwa na kuanza kutafuta ziwa, analia kwa njaa. Nikampa. Baada ya dakika kama 20 yakaruka tena.

Asubuhi mume wangu akamleta shangazi yake, mkunga mstaafu. Hakumpokea mtoto. Alikaa kwenye kigoda, akauliza, "Yanatoka rangi gani?"

"Meupe, shangazi. Mengine yameganda kama maziwa ya mgando."

"Hujaona kijani hata mara moja?"

"Sijaona."

"Ungeona kijani ningesema twende gatini sasa hivi, usingoje hata kuvaa viatu."

Baadaye alinieleza. Nyongo huingia kwenye utumbo chini kidogo ya pale tumbo linapoishia. Mtoto mchanga akitapika kijani, kizuizi huenda kiko chini zaidi, na linaloogopwa ni utumbo kujisokota ukakosa damu. Hapo hesabu ni ya saa, si ya siku. Homa ya 38 au zaidi kwa mtoto wa umri huu, damu kwenye matapishi, tumbo lililovimba likakaza, au mtoto aliyelegea asiyetaka hata kunyonya, hayo nayo hayangoji. Wangu hakuwa na hata moja. Alikuwa na njaa.

Akauliza nepi. Nikatafakari nikaona aibu: tangu jana asubuhi zilizolowa ni tatu, na mkojo wa manjano iliyokolea. Mtoto wa umri ule hulowesha sita au zaidi. Choo kikubwa hakupata kwa siku mbili.

Ndipo aliponiambia, "Mnyonyeshe mbele yangu." Akamfunua tumbo, akaisogeza taa ya simu karibu, ikimulika kwa ubavu. Tukatazama. Baada ya muda nikaona chini ya ngozi kitu kama yai kikivimba upande wa kushoto, chini ya mbavu, kikasogea polepole kuelekea kulia, kikapotea. Kisha kingine. Lilikuwa tumbo linasukuma maziwa mahali pasipopitika. Wimbi la tatu likafika, na yakaruka.

Hospitalini mizani ikasema kilo 3.4. Alizaliwa 3.3, siku ya 14 alikuwa 3.5. Mtoto anayenyonya vizuri huongeza kama gramu 25 kwa siku, yaani wangu alistahili kukaribia kilo 4. Badala yake alikuwa amerudi nyuma. Mizani ile ndiyo iliyonitoa machozi, kuliko matapishi yote.

Wakamtia dripu, tukavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha barabara hadi Mombasa. Altrasaundi ikaonyesha msuli wa mlango wa chini wa tumbo, ule wa kupitishia chakula kwenda utumbo, umenenepa milimita 5. Kuanzia 3 tayari wanashuku. Hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini unanenepa. Huanza zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 6, na wavulana huwapata mara nne hivi kuliko wasichana.

Nilidhani watampasua usiku ule ule. Daktari akakataa. "Mama, upasuaji unaweza kungoja. Maji na chumvi ndivyo visivyongoja." Kwa kutapika asidi ya tumbo siku nyingi, damu ya mtoto ilikuwa imepungukiwa kloridi na potasiamu. Mtoto wa namna hiyo ukimpa nusukaputi, anaweza kusahau kupumua. Tukakaa siku mbili na dripu, anapimwa damu, ananyimwa ziwa, analia mpaka sauti ikakauka. Zile siku mbili zilikuwa ngumu kuliko upasuaji wenyewe.

Upasuaji haukufika saa moja. Wanaupasua ule msuli kwa urefu, ngozi laini ya ndani wanaiacha nzima, basi msuli unaachana na njia inafunguka. Njia hii inaitwa kwa jina la Ramstedt, daktari Mjerumani aliyeianza mwaka 1911, na mpaka leo ndiyo hiyo. Jioni ile alinyonya. Akatapika mara mbili nikataka kuzimia, nesi akacheka kidogo: tumbo bado limevimba kwa ndani, siku moja mbili litatulia. Likatulia.

Leo ametimiza miezi mitatu. Kovu ni mstari mdogo juu ya kitovu. Na bado anacheua, bwana! Asubuhi tulikuwa gatini tukimngoja baba yake, akanicheulia buibui jipya mbele ya watu, maziwa yakateremka taratibu mpaka kwenye kiwiko, naye anamchekea punda. Nikafuta kwa ncha ya leso. Tuliporudi nikafungua kijitabu cha kliniki: kilo 5.6. Nepi tangu alfajiri, nne, na bado ni adhuhuri.