Siku moja na mishale iliyogusa bila kushika

Saa 2:00 asubuhi. Kabla sijakaa vizuri, ujumbe wa mwenzangu wa timu: "Dada, nimesogeza kisanduku cha hifadhidata kidogo tu, mishale imebaki inaning'inia." Mchoro wenyewe niliuchora mimi, kwenye draw.io. Una visanduku 19 na mishale 26, na unatakiwa mkutanoni saa 9:00 alasiri. Anauliza kama akirudishe mahali pake. Namwambia asikiguse. Akikirudisha, mishale itaonekana mizima tena, na ugonjwa utabaki palepale: ncha zinagusa kisanduku bila kushikwa nacho, hivyo haziwezi kukifuata.

Saa 2:30. Natafuta mishale mingine yenye kasoro hiyohiyo. Kuchagua mchoro wote na kuusogeza hakusaidii, maana kila kitu kinahama pamoja, kilichoshikwa na kisichoshikwa. Inabidi kukisogeza kisanduku kimoja kimoja, kutazama mshale upi umegoma kufuata, kisha Ctrl+Z, halafu kinachofuata. Kazi ya kuchosha, lakini haidanganyi. Napata mishale mitano.

Saa 4:00. Nataka kujua kwa nini sikuiona mapema. Nafungua Extras > Edit Diagram, ambapo mchoro unaonekana kama maandishi, na kumtafuta mmoja wa wale watano:

```
<mxCell id="e17" edge="1" parent="1" source="n4">
  <mxGeometry relative="1" as="geometry">
    <mxPoint x="520" y="240" as="targetPoint"/>
  </mxGeometry>
</mxCell>
```

Una `source`, yaani mkia umeshikwa na kisanduku `n4`. `target` haupo. Kichwa kimeelekezwa tu kwenye nukta 520, 240 ya ukurasa. Sasa tazama kisanduku kilichokusudiwa, `n9`: kinaanzia 520, 210, upana 120, kimo 60. Katikati ya ukingo wake wa kushoto ni 520, 240. Nukta ileile! Gridi ya vipimo 10 iliivuta ncha ikatua sawasawa ukingoni, basi jicho likaamini vimeungana. Ningekuwa nimezima gridi, labda ningeona mwanya na kushtuka siku ileile.

Saa 5:00. Kutengeneza. Nauchagua mshale, nashika ncha yake na kuiburuta hadi juu ya kisanduku, na kabla ya kuachia kipanya naangalia rangi. Muhtasari wote wa kisanduku ukiwaka bluu, mshale utashikwa na kisanduku kizima, na utahama upande wenyewe kisanduku kikihama. Nukta moja ikiwaka kijani, utabaki kwenye nukta hiyo daima, hata kama utalazimika kuzunguka kisanduku kuifikia. Isipowaka rangi yoyote, hujaunganisha kitu. Mimi hupenda bluu kwa visanduku vinavyohamahama, na kijani pale mishale mingi inapoingia kisanduku kimoja na sitaki ikanyagane.

Mitatu imekuwa ya aina hii. Huyo `e17` nimemponya kwa maandishi, kwa kumwongezea `target="n9"`. Ile nukta ya zamani haitumiki tena mshale ukishapata kisanduku.

Saa 7:00 mchana. Wa nne unanipotezea muda kuliko wote. Una `source`, una `target`, na bado haufuati kisanduku. Nilipokisogeza tena ndipo nikaona kwamba maandishi ya kisanduku nayo yamebaki nyuma, na mshale umeng'ang'ania hayo. Kumbe niliandika jina kama umbo la peke yake, nikalitandaza juu ya kisanduku likakifunika chote. Mshale ulilikuta hilo kwanza.

Hapa mpangilio wa hatua una maana. Ukiburuta ncha upya, maandishi yaliyo juu yataidaka tena. Kwa hiyo nimeyasogeza maandishi pembeni, mshale ukayafuata, nikaileta ncha kwenye kisanduku kilichobaki wazi, ndipo nikayafuta. Jina nimeliandika upya kwa kubofya mara mbili ndani ya kisanduku chenyewe.

Saa 8:00. Mshale mwingine umeshikwa pande zote mbili ila umepinda kama mguu wa panzi. Huu haujalegea. Una pindo nililoliweka kwa mkono, na pindo lina nukta zake za ukurasa, hivyo halihami kisanduku kimoja kikihama. Nimebofya kulia, Clear Waypoints, ukanyooka.

Saa 8:40. Wa tano nauacha ulivyo. Unatoka kwenye kisanduku cha mwisho kwenda nje ya mfumo, na huko nje sijachora kitu cha kuushika.

Saa 9:20. Katikati ya mkutano mwenzangu anaomba hifadhidata ishushwe chini kidogo. Naiburuta huku wote wanatazama. Mishale yote inashuka nayo, na yeye ameshahamia swali lingine.