Mstari Uliokataa Kupita Kwenye Sifuri

Mwalimu aliyenifundisha fizikia katika miaka ya mwisho ya sekondari hakuwa mtu wa kupendwa na wanafunzi. Alizungumza kwa sauti ya chini huku ameelekea ubaoni, akachelewa kurudisha madaftari, na kila ulipomuuliza swali alikujibu kwa swali jingine, jambo ambalo kwa mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani ni kero tupu. Sikumbuki hata mara moja alipomwambia mtu kwamba amefanya vizuri. Nayasema haya mapema kwa sababu nikimweleza kama malaika nitakuwa namsingizia, na yale aliyonifanyia yatapotea ndani ya sifa.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha amua kuachana na sayansi. Fomu ya kuchagua masomo ya kuendelea nayo ilikuwa imejazwa kwa penseli, na nafasi ya kwanza niliiandika uhasibu, si kwa kuupenda bali kwa kuamini kwamba angalau kwenye hesabu za fedha jibu huwa na maana. Fizikia kwangu ilikuwa kazi ya kutafuta majibu yaliyokwisha kuandikwa nyuma ya kitabu. Maabara ndiyo ilinichosha zaidi, kwa kuwa kila jaribio lilikuwa na jibu linalojulikana, na ustadi wetu wote ulikuwa wa kuhakikisha kwamba vipimo vyetu havitofautiani nalo sana.

Jaribio la siku ile lilikuwa la pendulamu, ambalo karibu kila aliyesoma fizikia amelifanya. Unaning'iniza tufe la chuma kwa uzi kutoka kwenye stendi, unalivuta kidogo pembeni na kuliachia, kisha unapima muda linaochukua kwenda na kurudi. Kutokana na urefu na muda huo unakokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao kila mwanafunzi anajua ni 9.8, mita kwa sekunde kwa sekunde. Maelezo tuliyopewa yalisema tupime urefu wa uzi, nasi tukaupima kuanzia pale ulipobanwa kwenye kizibo hadi kwenye fundo lililoshika tufe. Tulianza na sentimita 20, tukaongeza 20 kila mara mpaka 100.

Mwalimu alikuwa mkali katika mambo mawili tu. Kwanza, tusivute tufe mbali, pembe isizidi nyuzi 10, kwa kuwa kanuni tunayoitumia ni ya mbembeo mdogo. Pili, tuhesabu mibembeo 20 kwa mfululizo, na saa tuibonyeze tufe linapopita katikati, si linapofika ukingoni. Mwanafunzi mmoja alisema ukingoni ni rahisi zaidi kwa sababu tufe husimama. "Ndiyo maana usipatumie," akajibu, "maana halikwambii limesimama saa ngapi." Katikati tufe hupita kwa kasi yake kubwa kuliko zote, kwa hiyo nukta ya kupita iko wazi, ukingoni hukawia, na kidole nacho hukawia nalo.

Kwa uzi wa sentimita 20 mibembeo 20 ilituchukua sekunde 19.1, na kwa sentimita 100 ikachukua 40.6. Mwenzangu tuliyekuwa naye kwenye meza, aliyekuwa hodari wa hesabu kunishinda, alikokotoa mchapuko kwa kila urefu peke yake. Majibu yalitoka hivi, kuanzia uzi mfupi hadi mrefu: 8.7, 9.2, 9.4, 9.5, 9.6. Hakuna hata moja lililofika 9.8. Tukakubaliana kufanya kile ambacho kila kundi lilikuwa likifanya, yaani kuchukua wastani, kuandika sentensi moja kuhusu upepo wa dirishani na uzembe wa kidole kwenye saa, na kukusanya.

Mwalimu alipita nyuma yetu, akasimama, akaitazama ile safu ya majibu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha akaniuliza mimi, si mwenzangu, kama kidole changu kina adabu ya kupanga foleni. Sikuelewa. Akaweka kalamu juu ya 8.7 na kuisogeza taratibu hadi 9.6. "Kosa la kidole huruka huku na huku," akasema. "Mara linapunguza, mara linaongeza. Hili lenu linapanda ngazi. Limetumwa na nani?"

Akaondoka kwenda meza nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, na mpaka leo sina hakika kama ilikuwa mbinu ya ufundishaji au uvivu.

Swali lile lilinikaa. Kosa linalojitokeza ovyo ukilipima mara nyingi hupungua katika wastani, kwa kuwa pande zake mbili hulipana. Lakini kosa linalovuta upande mmoja, wastani haulipunguzi hata kidogo; linabaki palepale, na wewe unazidi kuliamini. Majibu yetu yalikuwa chini ya 9.8 yote, na kadiri uzi ulivyokuwa mfupi ndivyo yalivyozidi kushuka. Kwa hiyo palikuwa na kitu chenye ukubwa usiobadilika, ambacho kwa uzi mrefu kinamezwa na kwa uzi mfupi kinaonekana. Upepo haufanyi hivyo.

Tukachora grafu. Kanuni yenyewe, T² = 4π²L/g, inasema kwamba ukiweka urefu kwenye mhimili wa chini na kipeo cha pili cha muda wa mbembeo mmoja kwenye mhimili wa wima, nukta zitakaa kwenye mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri. Nukta zetu zilinyooka vizuri ajabu, ila mstari ulikataa kupita kwenye sifuri. Uliukata mhimili wa wima juu kidogo, karibu na 0.1. Mwenzangu alitaka kuusukuma rula upite sifuri, kwa hoja kwamba pendulamu isiyo na urefu haiwezi kuwa na muda. Hoja yake ilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo iliyotufungua. Kama muda hauwezi kuwapo bila urefu, basi pale tulipoandika urefu ni sifuri, urefu haukuwa sifuri.

Mwalimu aliporudi hakusema kitu zaidi ya kuninyooshea rula na kuniambia niendelee na mstari kushuka mpaka ukutane na mhimili wa urefu. Ulikutana nao upande wa kushoto wa sifuri, kwenye takriban sentimita 2.6. Akaenda kabatini, akarudi na kalipa, akaiweka mezani bila maelezo. Kipenyo cha tufe kilikuwa sentimita 4.4.

Nusu yake ni 2.2. Pendulamu haijui fundo letu. Yenyewe huhesabu urefu wake hadi katikati ya tufe, na sisi tuliishia juu ya tufe kwa kuwa karatasi ilisema "uzi". Grafu ilikuwa imepima ndani ya chuma, mahali ambapo rula haifiki. Tena mteremko wa mstari haukudhurika, kwa sababu kuongeza kiasi kilekile kwenye kila urefu husogeza mstari mzima bila kuulaza wala kuusimamisha. Mteremko ulikuwa 4.03; gawanya 4π² kwa huo, unapata 9.8. Jibu tulilokuwa tukilitafuta lilikuwa ndani ya vipimo vyetu muda wote, vipimo vilevile ambavyo tulikuwa karibu kuvifuta kwa sentensi moja kuhusu dirisha.

Sijawahi kufurahi maabara kama wakati ule. Na kwa kuwa zilibaki sentimita 0.4 kati ya 2.2 na 2.6, niliangalia tena tufe nikaona ndoana ndogo ambayo fundo lilifungwa, ikiwa na kimo cha karibu milimita 4. Kila kitu kilikuwa kimetimia. Nilimwita Mwalimu nimwonyeshe, nikitegemea kwamba safari hii atasema neno.

Akaniuliza: "Kama grafu ingekupa 2.2 kamili, ungeitafuta ndoana?"

Kisha akaniagiza nichore mistari mingine miwili juu ya nukta zilezile, mmoja wenye mteremko mkubwa kadiri nukta zinavyoruhusu na mwingine wenye mteremko mdogo, nione kila mmoja unakata wapi. Mmoja ulikata karibu na 2.1, mwingine ukapita 3. Maana yake ni kwamba vipimo vyetu vilikuwa na uwezo wa kusema kuna kitu cha sentimita mbili au tatu tulichokisahau, lakini havikuwa na uwezo wa kuiona ndoana. Ndoana ilikuwapo kweli, na urefu wake ulihusika kweli, ila mimi niliiona kwa macho kisha nikaisingizia grafu kwamba ndiyo iliyoniambia. Aliniacha niandike katika ripoti mambo yote mawili: kilichoonekana kwa jicho, na mpaka wa kile ambacho vipimo vingeweza kukithibitisha.

Hapo ndipo nilipobadilika, na si pale 9.8 ilipotoka. Nilikuwa nimekimbilia uhasibu nikitafuta mahali ambapo namba zinawajibika. Kumbe palikuwapo kazi nzima ya kuiuliza kila namba imetoka wapi na inaweza kubeba uzito kiasi gani kabla haijavunjika. Fomu niliifuta na kuijaza upya. Mwalimu aliitia saini pamoja na za wengine bila kuisoma, na ripoti yangu aliirudisha baada ya wiki nyingi ikiwa na alama za wastani, kwa kuwa nilisahau kuandika vizio kwenye mihimili.

Leo kazi yangu ni kukagua mizani na vipimajoto kwa kuvilinganisha na vya kuaminika zaidi, na anayeanza kazi kwetu namfundisha kwanza kuyapanga matokeo kwa mfuatano na kutazama kama yanapanda au kushuka, kabla ya kugusa wastani. Katika jambo moja tu sikumfuata Mwalimu. Yule mwenzangu wa mezani, ambaye hoja yake kuhusu sifuri ndiyo iliyofungua fumbo, hakuulizwa chochote siku ile. Maswali yote yalielekezwa kwangu, naye akatoka maabara akiamini kwamba wastani wake umedhihakiwa, akaiacha fizikia muhula uliofuata. Tulipokutana ukubwani nilimkumbusha kwamba lile wazo lilikuwa lake. Alikuwa amelisahau, lakini swali la foleni alilikumbuka neno kwa neno, na bado lilimuudhi.