Karatasi Kumi na Moja, Ubao Mmoja

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa studio wiki ile ile ya kriti ya kati, siku ya kubandika michoro ukutani na kuitetea mbele ya juri. Ukumbi tuliouzoea ulikuwa umechukuliwa kwa mitihani, kwa hiyo sisi wa mwaka wa tatu wa usanifu majengo tutakwenda chumba cha chini, na kila mwanafunzi atapata softibodi moja, ubao laini wa kupachikia michoro kwa pini. Softibodi moja ni kipande kizima cha futi nne kwa nane kilichosimamishwa ukutani, yaani upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44. Mimi nilikuwa na michoro kumi na moja ya A1.

A1 moja ni nusu mita ya mraba. Kumi na moja ni mita tano na nusu, na ubao wote hauna hata tatu. Tena ubao wote hautumiki. Chini ya sentimita sitini kutoka sakafuni hakuna anayesoma, kwa sababu mbele yake panawekwa kigoda chenye modeli, na juu kabisa hakuna anayefika kwa macho bila kukakamaza shingo. Nikapima kwa futikamba, nikachora mstatili wa ubao kwenye karatasi kwa skeli ya 1:10, nikakata vipande vya A1 vya skeli hiyo hiyo na kuanza kuvihamisha. A1 ikilala ina upana wa milimita 841. Inakaa moja tu, na pembeni inabaki nafasi ya karibu sentimita 38 isiyofaa kitu. Ikisimama ina upana wa milimita 594, na mbili zikikaa bega kwa bega zinafikia 1188 kati ya 1220. Kana kwamba aliyekata ubao ule alikuwa na A1 mkononi. Safu mbili, karatasi nne, kuanzia sentimita 60 hadi mita 2.28. Hizo ndizo nilizokuwa nazo.

Wenzangu wengi walikwenda njia ya kupunguza. Walichukua kila kitu walichokuwa nacho wakakichapa upya kwa A3, ukuta ukajaa. Mmoja alipachika karatasi zake tabaka juu ya tabaka kama kalenda, azifunue moja moja wakati wa kuongea. Hiyo sikuipenda tangu mwanzo. Juri haitazami mchoro kwa kufuata maneno yako. Unapozungumzia paa, mmoja anatazama choo, mwingine bado yuko kwenye ramani ya eneo. Mchoro uliofunikwa ni kama haupo.

Mradi wenyewe ulikuwa soko dogo la samaki la Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Jengo lilikuwa na urefu wa mita 48 na upana wa mita 18, likitoka barabarani upande wa magharibi hadi karibu na ufukwe mashariki. Samaki anaingia upande wa bahari, anaoshwa, anapigwa mnada, wa kukaangwa anakwenda kwa akina mama wakaangaji, anatokea barabarani. Kiwanja kilishuka mita 1.2 kutoka barabarani hadi ufukweni, na ubunifu wangu wote ulikuwa katika namna sakafu inavyoshuka pamoja nacho, maji ya kuoshea yanakopita, na paa linavyoinuka kupokea upepo wa kusi.

Ukiyasikia hayo utaona kwamba yote yamo kwenye mkato wa urefu, mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa kwa urefu wake. Lakini michoro yangu kumi na moja haikusema hivyo. Ramani ya sakafu nilikuwa nimeichora kwa 1:50, ikachukua karatasi mbili zilizounganishwa, na mkato ulikuwa kwa 1:100, umejibanza chini ya mwinuko wa kaskazini, yaani mchoro wa uso wa jengo upande huo. Kwa skeli hiyo mita 1.2 za mteremko ni milimita 12. Ukikaa kwenye kiti mbali kidogo unaona jengo la bapa.

Nikazigeuza. Ramani ikashuka hadi 1:100, yaani milimita 480 kwa 180, ikaenea vizuri kwenye karatasi moja iliyosimama. Mkato ukapanda hadi 1:50, ukawa na urefu wa milimita 960 na kuvuka karatasi mbili za safu ya juu. Mteremko sasa ulikuwa milimita 24, unaonekana bila kuonyeshwa kwa kidole. Niliuweka chini kabisa ya safu ya juu, ili mstari wa ardhi uwe karibu na mita moja na nusu, mahali macho ya mtu aliyesimama yanapotua yenyewe. Ramani ikakaa chini yake kushoto. Vyote viwili vilikuwa na bahari upande wa kulia, ili anayeteremsha macho kutoka kwenye mkato asilazimike kugeuza dunia kichwani.

Kushusha skeli si kubonyeza kitufe cha asilimia 50, na hapo ndipo wengi waliumia. Ukipunguza faili la PDF kwa nusu, kila kitu kinapungua nacho: mstari wa milimita 0.13 unakuwa nusu ya hapo na plota inauchapa kama vumbi, maandishi ya milimita 2.5 hayasomeki, na mistari myembamba inayojazia kuta za tofali inasogeleana hadi inakuwa doa jeusi. Nilirudi kwenye mchoro wenyewe. Nikafuta vipimo vyote, vigae vya vyoo, na majina ya milango. Kuta zilizokatwa nikazijaza weusi mtupu badala ya mistari, nikaacha meza za mnada na vinara vya maji kwa mstari mwembamba. Kusema kweli ramani ile ya 1:100 ilikuwa nzuri kuliko ya mwanzo.

Jaribio langu lilikuwa la bei nafuu. A3 ni A1 iliyogawanywa kwa mbili kila upande, kwa hiyo A3 ukiitazama kutoka mita moja na robo unaiona sawasawa na A1 kutoka mita mbili na nusu, umbali ambao viti vya juri vingekuwa katika chumba kile. Nilichapa karatasi zote nne kwa A3, nikazibandika kwenye mlango wa kabati la bweni, nikarudi nyuma. Maelezo yangu ya aya tatu yaligeuka ukungu. Nikayafuta yote, nikabakiza majina ya sehemu tu kwa herufi kubwa za pointi 24, ambazo kimo chake ni kama milimita sita. Hizo zilisomeka.

Lilibaki suala la kiungo. Mkato uliovuka karatasi mbili lazima ukatwe mahali fulani, na plota huacha milimita chache nyeupe ukingoni. Nguzo zangu zilikuwa kila baada ya mita 4, na katikati ya mita 48 ni mita 24, penye nguzo. Ningeuweka mkato katikati, nguzo hiyo ingepasuliwa. Niliusogeza kushoto milimita 40, kiungo kikaangukia nafasi iliyo kati ya nguzo mbili, na upande wa kulia ukapatikana upenyo zaidi wa kuchora ufukwe. Duka la kuchapishia lilikuwa na roli za milimita 610 tu. Yule kijana aliniambia, "Dada, A0 hatutoi hapa," nikamjibu kwamba siitaki. Ila alinisihi niondoe anga la buluu kwenye picha ya ufukweni, kwa kuwa wino mwingi unaikunja karatasi ya gramu 80 na bei inapanda. Nikaliacha anga jeupe.

Kubandika kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Nilikata ukingo mweupe wa karatasi ya kulia kwa wembe na rula ya chuma, nikaupandisha juu ya ile ya kushoto. Halafu mwenzangu wa meza ya jirani akashika timazi huku mimi nikivuta uzi wa mlalo, kwa sababu sakafu ya chumba kile haikuwa sawa na tusingeweza kupimia kutoka chini. Mstari wa ardhi ukipishana hata milimita tatu kwenye kiungo, jicho halioni kitu kingine tena. Pini nne kila karatasi, na mbili za ziada chini kwa ajili ya feni.

Michoro saba iliyobaki niliichapa kwa A3, nikaishona kuwa kijitabu na kukiweka mezani: miinuko, mikato ya upana, maelezo ya paa, na mtaro wa maji machafu kwa 1:20.

Juri ilikuwa ya watu watatu, walimu wawili na msanifu mmoja mzee kutoka nje. Nilipewa dakika tano za kueleza. Sikuzimaliza. Yule mzee aliinuka, akapitisha kidole kwenye mstari wa ardhi kutoka barabarani hadi ufukweni, akasimama kwenye mstari wa nukta niliouchora upande wa bahari.

"Hili ndilo bamvua, mwanangu?"

"Ndiyo, mzee. Hapo ndipo maji ya juu kabisa yanapofika."

"Na maji yako ya kuoshea samaki yanateremka kuelekea huko huko. Yakikutana na bamvua?"

Nikamwonyesha chemba ya kunasia magamba na mafuta, chini ya eneo la kuoshea, ambako mtaro unaishia kabla ya kufika ule mstari. Kutoka hapo pampu inayarudisha juu hadi tangi la upande wa barabara. Akaomba kuiona kwa ukubwa. Nikamfungulia kijitabu penye 1:20, na tukazama humo, yeye akitaka kujua umeme ukikatika chemba itajaa kwa muda gani, mimi nikijaribu kukadiria ndoo za siku ya mnada mkubwa. Mwalimu wangu akaingilia kwamba mifuniko ya mtaro inapita kwenye njia ya mikokoteni. Kweli ilipita. Hoja hizo mbili ndizo nilizoondoka nazo kuzifanyia kazi.

Mwalimu wa pili hakuridhika. Alisema soko ni jengo la mtaani, na mimi nimelinyima uso wake wa magharibi, ule ambao mnunuzi anauona akishuka kwenye daladala. Kwenye kijitabu ulikuwapo, lakini alitaka ukutani. Nilimjibu kwa heshima kwamba uso ule una upana wa mita 18 na milango mitatu, na kwamba kwa karatasi nne nimechagua kinachobishaniwa. Akatikisa kichwa, akaandika kitu.

Kwenye kriti ya mwisho ukumbi ulirudi, kila mtu akapata softibodi mbili. Ubao wa kwanza niliuacha karibu kama ulivyokuwa, mkato wa 1:50 pale pale kwenye kimo kile. Wa pili nikauanza na mtaro wa 1:20 uliohamishwa kando ya njia ya mikokoteni, na chemba iliyopanuliwa kukaa saa kadhaa bila umeme. Mwinuko wa magharibi ulipata robo ya karatasi ya chini.