Nilivyochora bawa lililopinda nyuzi 18 bila kugeuza mchoro mzima

Jengo lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu kubwa imesimama sawasawa na gridi, mistari 1 hadi 8 kwa upande mmoja na A hadi D kwa upande mwingine, kila kitu kimelala au kimesimama wima. Halafu kuna bawa la mita 24 kwa mita 9.6 linaloanzia kwenye nguzo ya C8 na kukata nyuzi 18 kufuata mpaka wa kiwanja. Nachora kwa AutoCAD, kipimo changu ni milimita.

Kazi za namna hii zamani nilizifanya kwa kugeuza kila kitu. Nachagua mchoro wote, nauzungusha nyuzi 18 kinyumenyume mpaka bawa lilale, nachora, kisha nauzungusha kurudi. Inaonekana rahisi, lakini leya iliyogandishwa haichaguliki na leya iliyofungwa haisogezwi. Safari moja nilikuwa nimegandisha leya ya mabomba. Nilipozungusha jengo, mabomba yalibaki kule kule. Nikaendelea kuchora vyumba, na nilipoyeyusha ile leya katikati ya kazi nikaona mabomba yanakatiza kuta kwa mshazari. Zaidi ya hapo, mpima ardhi na mhandisi wote wanafanya kazi kwa majira ya nukta ya mchoro uleule. Ukiugeuza na kuwatumia faili kabla ya kuurudisha, umewapa jengo lililo mahali pengine.

Safari hii niliamua jengo lisiguswe. Kinachogeuka ni mfumo wa majira tu, yaani UCS. Mfumo wa asili wa mchoro, ule unaoitwa World, unabaki pale pale siku zote. UCS ni mhimili wa X na wa Y unaouweka wewe mwenyewe juu ya mchoro, popote na kwa pembe yoyote. Ukishauweka kwenye bawa, ukibonyeza F8 mistari inanyooka kufuata bawa, na ukiandika `@24000,0` ukuta unakwenda mita 24 kwa urefu wa bawa. Bila hivyo ungepaswa kujua kwamba ncha ya ukuta huo iko 22825.36 kwa upande na 7416.41 kwenda juu, na kufanya hesabu hiyo kwa kila nguzo.

Nilianza kwa njia ambayo wengi wetu tunaianza. Niliandika `UCS`, nikabonyeza kwenye nguzo ya C8 iwe kitovu, kisha nikabonyeza nukta ya pili kuonyesha X inaelekea wapi. Kwenye mchoro wa mpima ardhi kulikuwa na mstari unaopita pale pale kwa nyuzi 18, basi nikaudaka karibu, kama milimita 400 kutoka kwenye nguzo. Alama ya UCS ikageuka, msalaba wa kipanya ukageuka nayo, nikafurahi. Nikapima pembe kutoka kwenye gridi, programu ikaniandikia 18. Nikachora bawa zima siku hiyo: nguzo kila baada ya mita 4.8, kuta, milango, vyote.

Baada ya siku mbili mhandisi wa miundo alinipigia simu. Aliniambia, "Kaka, nguzo yako ya mwisho haikai juu ya yangu. Tumeanzia nguzo moja, pembe moja, lakini huku mwisho tumeachana milimita 60."

Nilianza kwa kumtilia shaka yeye, maana kwangu kila pembe niliyoipima ilisema 18. Tatizo lilikuwa kwenye kipimo chenyewe. Usahihi wa pembe katika faili yangu ulikuwa sifuri, yaani programu ilionyesha namba nzima tu bila desimali. Hiyo ndiyo hali inayokuja nayo usipoibadilisha. Niliandika `AUPREC`, nikaweka 4, nikarudi World, nikapima upya ukuta ule ule. Ikatokea 17.8568.

Chanzo chake kilikuwa ile nukta ya pili. Pale nilipobonyeza palikuwa na ncha ya mstari mwingine, milimita 1 tu pembeni ya mstari niliokusudia, na msalaba ukadaka ile ncha. Milimita 1 kwenye milimita 400 ni kosa la nyuzi 0.143. Machoni huwezi kuliona. Lakini mita 24 ni mara 60 ya milimita 400, basi kosa nalo linakua mara 60. Ndizo zile milimita 60 za mhandisi. Kama nukta ya pili ningeidaka mwisho kabisa wa bawa, milimita 1 ingebaki milimita 1.

Tangu hapo sichagui mwelekeo wa X kwa kudaka kitu kilicho karibu. Kwanza nachora mstari mmoja wa kuongozea, nikiwa World, kwa pembe niliyoiandika kwa namba. Mstari huo unakaa kwenye leya yake isiyochapishwa, na hauondoki mpaka kazi iishe. Unaanzia C8:

```
LINE
@24000<18
```

Kisha nauambia mfumo ujilaze juu ya mstari huo:

```
UCS
OB
```

Hapo nabonyeza mstari wenyewe. Angalia unabonyeza upande gani, kwa sababu ncha iliyo karibu na mbonyezo wako ndiyo inayokuwa kitovu. Ukibonyeza karibu na ncha ya mbali, kitovu kinakwenda mwisho wa bawa na X inarudi nyuma kuelekea C8. Maandishi yote utakayoandika yatasimama kichwa chini. Alama ya UCS itakuonyesha, mradi umeiruhusu ikae kwenye kitovu badala ya kwenye kona ya skrini. Ikiwa sawa, naipa jina ili nisirudie kazi hii tena:

```
UCS
NA
S
BAWA
```

Siku nyingine yoyote naandika `UCS`, `NA`, `R`, `BAWA`, na niko kwenye bawa. Nikimaliza, `UCS` na `W` vinanirudisha kwenye jengo kubwa.

Bado kulikuwa na bawa nililokwisha kulichora kwa pembe mbovu. Sikulifuta. Nilirudi World, nikachagua vitu vya bawa tu, nikaandika `ROTATE` na kuweka C8 kuwa egemeo, kisha `R` ili nitumie pembe ya rejea. Nikabonyeza C8, nikabonyeza ncha ya mwisho ya ukuta mrefu, na nilipoulizwa pembe mpya nikaandika 18. Programu yenyewe ikahesabu tofauti na kulizungusha bawa. Kurudi World kwanza ni lazima, kwa sababu pembe unayoandika inahesabiwa kutoka kwenye X ya mfumo ulionao wakati huo. Ungekuwa bado ndani ya BAWA, 18 ingekupeleka nyuzi 36.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba mfumo wa majira na jinsi unavyoutazama mchoro ni vitu viwili tofauti. Ukiweka UCS kwenye bawa, bawa bado linaonekana limepinda kwenye skrini. Wengine wanachora hivyo hivyo, lakini mimi shingo inachoka. Naandika `PLAN` kisha `C`, na mtazamo unageuka mpaka bawa linalala mbele yangu kama jengo la kawaida. Hakuna hata nukta moja iliyosogea. Ni kama umegeuza kiti chako ukazunguka meza ya kuchorea. Ninaweza hata kurudisha UCS kwenye World huku mtazamo ukibaki umelala, na ndivyo nilivyofanya wakati wa kurekebisha, maana dirisha la kuchagulia lilikwenda sambamba na bawa na halikugusa jengo kubwa. Ipo pia `UCSFOLLOW`, inayougeuza mtazamo yenyewe kila ubadilishapo mfumo. Niliijaribu nikaizima. Kila mara inakurusha kuona mchoro mzima na unapoteza pale ulipokuwa umesogea karibu.

Vipimo navyo vinafuata mfumo. `DIMLINEAR` inapima kwa X au Y ya UCS iliyopo. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini ukuta wa mita 24 unaandikwa 22825. Nikamwambia, "Uko World, ndugu yangu, umepima kivuli cha ukuta." Namba hiyo siku hizi naitambua haraka: nikiiona kwenye bawa najua nimesahau kubadilisha mfumo. Mistari ya kujazia kuta ina tabia hiyo hiyo. Pembe yake inahesabiwa kutoka kwenye X iliyopo, kwa hiyo matofali ya bawa yatalala sawa na bawa endapo utajaza ukiwa ndani ya BAWA.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba kila unachokiingiza kinafuata mfumo pia. Nikiwa ndani ya BAWA niliwahi kuunganisha faili mpya ya mpima ardhi kama rejea ya nje, nikaandika `0,0` kama ilivyo desturi. Kiwanja kizima kikatua juu ya C8, kimepinda nyuzi 18. Kitovu cha BAWA ndiyo C8, hivyo programu ilifanya nilichoiambia. Niliiondoa, nikarudi World, nikaiunganisha tena na ikakaa. Sasa kabla ya kuunganisha faili yoyote naangalia alama ya UCS: kikionekana kimraba kidogo pale mihimili inapokutana, niko World.

Karatasi ya bawa niliitengeneza mwisho. Niliingia ndani ya dirisha la kutazamia la karatasi hiyo tu, nikaita BAWA, nikaandika `PLAN`, na bawa likalala humo huku karatasi nyingine zikibaki zilivyo. Kishale cha kaskazini nilikuwa nimekiweka kwenye karatasi yenyewe, si kwenye mchoro, kwa hiyo hakikugeuka. Nilikizungusha kwa mkono nyuzi 18 kwenda kulia, kwa kuwa bawa limepanda nyuzi 18 kinyume cha mwendo wa saa na mtazamo umelishusha. Kisha nikamtumia mhandisi faili, jengo likiwa pale pale lilipokuwa tangu siku ya kwanza. Alipolaza mchoro wake juu ya wangu na kupima kati ya nguzo zetu mbili za mwisho, alipata sifuri, na safari hii desimali zilikuwa zimefunguliwa.