"Heri ya kuzaliwa" isemwe mara moja

Jioni hii nawaza kwa nini video nyingi za siku ya kuzaliwa huchosha kabla hazijafika katikati. Mara nyingi ni kwa sababu mtazamaji anaambiwa jambo lile lile mara tatu: picha inaonyesha keki, juu yake pameandikwa "Mama na keki yake", na kapsheni nayo inasema "Mama akikata keki".

Chukua video ya mama anayetimiza miaka 60: sekunde 45, klipu 15 za sekunde 3 kila moja. Kabla ya kugusa programu ya kuhariri, andika kwenye karatasi kinachoonekana katika kila klipu, kwa maneno mawili au matatu. Ukikuta "anacheka mezani" imetokea mara tatu, kwa mtazamaji hiyo ni klipu moja, hata kama zilipigwa miaka tofauti. Bakiza moja.

Nakala ni tatizo jingine. Klipu ikitumwa kutoka simu hadi simu hupata jina jipya, kwa hiyo jina la faili halikusaidii. Zipange kwa urefu. Mbili zenye urefu sawa kabisa zifungue, na zikiwa ni zile zile, chukua yenye faili kubwa zaidi, maana ile ndogo huwa imeshabanwa na nyuso zimefifia.

Maneno yaweke kwenye klipu tano tu. Yaseme kile ambacho picha haiwezi kusema. Mama yuko kwenye cherehani: usiandike "Mama akishona", hilo linaonekana. Andika "Sare zetu zote zilitoka hapa". Maneno matano, na sekunde 3 zinatosha kuyasoma mara mbili. Yasome kwa sauti huku klipu ikicheza. Ikiisha kabla hujamaliza mara ya pili, punguza. Sentensi ndefu hulifanya jicho liache uso wa mama likafukuzane na herufi.

Kwenye video ya wima, sehemu ya chini na ukingo wa kulia hufunikwa na vitufe pamoja na kapsheni, hivyo maneno yakae juu kidogo ya katikati, mbali na uso. Herufi nyeupe zipe kivuli cheusi, la sivyo zitapotelea kwenye shati jeupe au anga.

Kapsheni naishauri iandikwe mwisho kabisa, ukiwa na orodha ya maneno yaliyokwisha kutumika. "Heri ya kuzaliwa" iko kwenye fremu ya mwisho? Basi usiirudie chini. Na kama wimbo wenyewe unaiimba, iondoe hata kwenye fremu. Cha uzito kitangulie, kwa kuwa kapsheni ndefu hukatwa na mtu huona mwanzo wake tu: "Alituamsha alfajiri kila siku ya mtihani. Leo tumemwamsha sisi."