Mstari Nilioufuta

Mwaka 1998 nilikuwa najifunza ufundi saa Kariakoo, kwenye meza yenye kioo iliyokaa barazani pa duka la vitenge. Asubuhi moja alikuja mama mmoja na saa ya mfukoni ya marehemu mumewe. Ukiijaza ilikwenda kwa muda wa saa sita hivi, kisha ikasimama.

Mzee, fundi wangu, alinipa niifungue. Nyuma ilikuwa na mifuniko miwili, na ule wa ndani ulikuwa umegandana uchafu wa kijani. Nikapaka dawa ya kung'arishia, nikaanza kusugua. Fedha ilipoanza kuonekana nikaona nanga na simba anayetembea, mihuri ya Birmingham, ikimaanisha sehemu 925 za fedha safi katika 1000. Nikafurahi, nikazidi kusugua.

"Acha hapo hapo, mwanangu!"

Mzee aliuchukua ule mfuniko, akauinamisha mpaka mwanga wa jua ukaupita kwa ubavu. Akanipa lenzi. Ndipo nikaona mikwaruzo myembamba kama unywele, ambayo mwanga wa moja kwa moja ulikuwa unaificha. Muhuri hugongwa na huzama. Hii ilikwaruzwa kwa ncha ya sindano, na dawa niliyopaka huila haraka. Mstari wa juu nilikuwa nimeshaula. Zilibaki nukta mbili tu.

Wa chini ulisomeka: 212, 3/74, S.

"Mafundi tunaandikiana," Mzee alisema. 212 ilikuwa namba ya kazi kwenye daftari la fundi, 3/74 mwezi na mwaka, na S springi mpya. Akaitazama ile saba yenye kijistari katikati, akanyamaza kidogo. "Huu mkono wa mwalimu wangu."

Nilikuwa nimejiandaa kuosha mashine nzima kwa petroli, nikidhani mafuta yameganda. Mzee akasema tuanzie kwenye springi, maana ilikuwa na miaka 24. Tukailegeza kwanza, tukafungua kikopo chake, tukaitoa taratibu. Springi yenye nguvu ikitoka hutanuka ikawa duara pana. Ile ilibaki imejikunja, karibu upana ule ule wa kikopo. Ilikuwa imechoka. Tulitafuta nyingine yenye kimo na unene uleule, kwa sababu nene zaidi hujaza kikopo na kupunguza mizunguko, na saa ingesimama mapema vilevile.

Mama aliporudi, Mzee alimwonyesha ule mwandiko kwa lenzi. Aliutazama muda mrefu.

"Sabini na nne. Mwaka huo ndio tulihamia Magomeni." Kisha akaweka kidole juu kidogo. "Na hapa paliandikwa nini, baba?"

Mzee hakujibu. Alinitazama mimi.

"Nimefuta mimi, mama," nikasema. "Nisamehe."