Slaidi ya Kiswahili isiyofurika

Ukitafsiri slaidi neno kwa neno, Kiswahili hurefuka, hasa kwa sababu ya viunganishi vya "wa", "ya" na "za" vinavyofunga nomino moja kwa nyingine. Tazama mstari huu: "Utekelezaji wa uhifadhi wa nakala rudufu za data unapaswa kufanyika kila siku." Maneno 12, na kitendo kimefichwa ndani ya nomino. Kirudishe kiwe kitenzi: "Tengeneza nakala rudufu kila siku." Yamebaki 5. "Data" imeondoka kwa kuwa kichwa cha slaidi tayari kinaitaja, lakini "nakala rudufu" haiguswi. Ukiandika "akiba" kwenye slaidi inayofuata, msikilizaji atadhani ni kitu kingine. Istilahi ngeni ifafanue mara moja, kwenye maelezo ya msemaji chini ya slaidi.

PowerPoint huweza kuficha tatizo kwa kujipunguzia ukubwa wa herufi bila wewe kuiambia, slaidi moja ikabaki na herufi za ukubwa wa 28 na jirani yake 18. Kabla ya kutafsiri, chagua Do not Autofit kwenye kisanduku. Maandishi yakimwagika nje, kata maneno, usiguse ukubwa wa herufi. Lebo za michoro ndizo sumbufu zaidi. Hapo panua kisanduku.